Saa kwa Mzee: Uhakiki wa Hotuba Moja ya Kumuaga Mstaafu, Bulyaga

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja. Kitu kikichapwa na kupewa jalada, tunakihakiki. Kikisemwa na mtu aliyesimama mbele ya viti vya plastiki, tunakunywa soda yake na kwenda zetu. Makala haya yanajaribu kufanya kinyume. Yanahakiki hotuba ya dakika tatu hivi iliyotolewa na meneja mmoja Bulyaga, mjini Tukuyu, alipomkabidhi saa ya mkono mfanyakazi aliyestaafu baada ya miaka 34 ya kazi. Nilikuwepo, nikairekodi kwa simu kwa ruhusa ya wenyewe. Majina ya watu na ya kampuni nimeyaacha, kwa sababu si yanayohusika hapa. Mstaafu nitamwita Mzee, kama alivyoitwa siku ile, na mwajiri wake nitamwita Meneja.

Kuna wasomaji watakaouliza: hivi hotuba ya ofisini nayo ni fasihi? Jibu tunalo humu humu nyumbani. M.M. Mulokozi, katika makala yake ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka kwenye Mulika namba 21 ya mwaka 1989, aliiweka hotuba katika utanzu wa mazungumzo, pamoja na soga, mawaidha na malumbano ya watani. Alitukumbusha pia kwamba fasihi simulizi haipimwi kwa maneno peke yake. Lazima tumwangalie fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Nitamfuata hapo, kwani maneno ya Meneja yakitolewa kwenye ukumbi wao na kuandikwa ubaoni yanaonekana ya kawaida sana. Uzito wao uko kwenye mahali, kwenye mkono uliofungwa saa, na kwenye swali moja ambalo Mzee aliuliza mwishoni.

Hotuba yenyewe

Kwanza msomaji aisome yote. Nimeiandika kama ilivyosemwa, bila kuisafisha.

"Ndugu wafanyakazi wenzangu, wageni waalikwa, mama yetu mke wa Mzee, itifaki imezingatiwa. Kwanza tumshukuru Mungu aliyetukutanisha. Leo ni siku ya furaha na pia ya huzuni. Mzee wetu ametumikia kampuni hii miaka thelathini na minne. Mimi mwenyewe nilipokuja hapa nimemkuta. Katika miaka hiyo yote sijasikia mtu akisema Mzee amechelewa. Mvua ya Tukuyu mnaijua wenyewe, sio? Lakini saa kumi na moja alfajiri Mzee yuko kwenye lori. Kuna siku... kuna siku lori lilikwama kule chini, usiku, na majani yamejaa. Mzee akatembea kwa miguu mpaka hapa, kaloa, akagonga mlango wangu. Nikamwambia pumzika Mzee, akasema majani hayapumziki. Sasa mimi sina maneno mengi. Wahenga walisema hakuna refu lisilo na ncha. Menejimenti imeona ikupe zawadi ndogo, saa hii ya mkono. Uivae, na kila ukiitazama utukumbuke. Miaka yote umeamka kwa saa ya kampuni. Saa hii ni yako, sio ya kampuni. Kuhusu mambo mengine, ofisi inayashughulikia. Hapa ni nyumbani kwako, mlango uko wazi. Ndaga fijo, Mzee. Yangu yalikuwa hayo machache. Asanteni."

Baada ya hapo alifungua kasha, akaitoa saa, akataka kuifunga mwenyewe kwenye mkono wa kushoto wa Mzee. Mkanda ukamshinda. Mke wa Mzee akainuka, akaifunga yeye. Hapo ndipo makofi yalipopigwa kwa nguvu kuliko wakati wote, na akina mama wa jikoni wakapiga vigelegele.

Muundo: kutoka "yeye" hadi "wewe"

Muundo wa hotuba hii ni wa kawaida na kila aliyewahi kuhudhuria sherehe ya kuagana anaujua. Kuna ufunguzi wa itifaki, kuna shukrani kwa Mungu, kuna sifa, kuna methali, kuna zawadi, kuna kufunga. Maneno kama "itifaki imezingatiwa" na "yangu yalikuwa hayo machache" ni kanuni za utanzu, kama "paukwa" na "pakawa" zilivyo kanuni za hadithi. Hatumlaumu fanani kwa kuzitumia. Bila hizo, hadhira isingejua kama hotuba imeanza au imekwisha, na wahudumu wasingejua lini walete chakula.

Kinachostahili kutazamwa ni nafsi. Kwa zaidi ya nusu ya hotuba Mzee ni nafsi ya tatu: "ametumikia", "amechelewa", "akatembea". Meneja anaongea na sisi kuhusu mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kwake, kama vile hayupo. Hotuba za mazishi hufanya hivyo hivyo, na kwa kweli nusu ya kwanza ingeweza kusomwa makaburini bila kubadilisha neno. Halafu ghafla, kwenye sentensi ya zawadi, nafsi inageuka: "Menejimenti imeona ikupe." Kuanzia hapo ni "uivae", "ukiitazama", "umeamka", "yako". Zawadi ndiyo inayomfufua Mzee. Kabla ya saa alikuwa habari. Baada ya saa ni mtu anayesemeshwa.

Sidhani kama Meneja alipanga jambo hilo. Lakini mhakiki hahitaji kuthibitisha nia ya fanani. Anahitaji kuonyesha kilichotendeka. Na kilichotendeka kilionekana kwa macho. Wakati wa "yeye", Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea kofia yake. Kwenye "ikupe" aliinua uso.

Jambo jingine la lugha ni sentensi hii: "nilipokuja hapa nimemkuta." Mwalimu wa sarufi angeipiga wino mwekundu na kuandika "nilimkuta" pembeni. Mimi ningemwomba aiache. Kiambishi -me- katika Kiswahili hubeba tendo ambalo matokeo yake bado yapo. Mtu akisema "amekaa" tunaelewa kwamba bado amekaa. "Nilimkuta" kungemfungia Mzee kwenye siku moja iliyopita. "Nimemkuta" kunamfanya awe bado pale, mtu ambaye Meneja anaendelea kumkuta kila asubuhi. Ni kosa la kimazungumzo linalosema ukweli kuliko usahihi wa kitabuni. Meneja ni mdogo kwa Mzee kwa miaka mingi. Cheo kinamweka juu, umri unamweka chini, na kiambishi hicho kimoja kimekiri jambo hilo bila kumvunjia mtu yeyote heshima.

Kisa kimoja kinachobeba hotuba

Hotuba nyingi za aina hii hufa kwa sababu ya vivumishi: mchapakazi, mwadilifu, mnyenyekevu, mcha Mungu. Vinamfaa kila mtu, kwa hiyo havimfai mtu yeyote. Meneja hakutumia hata kimoja. Badala yake alitoa kisa, na kisa chenyewe kilimponyoka. Tazama alivyokwama: "Kuna siku... kuna siku lori lilikwama." Kwenye rekodi yangu kimya hicho ni kirefu kiasi kwamba unasikia mvua juu ya bati.

Ili kuelewa kwa nini hadhira ile iliguswa, asiyetoka Rungwe lazima ajue kidogo habari za chai. Majani mabichi yakishachumwa, hayasubiri. Yakishindiliwa kwenye magunia au kurundikwa kwenye lori yanapata joto lenyewe kwa lenyewe, yanaanza kuwa mekundu, na yakifika kiwandani katika hali hiyo hayatoi chai nzuri, yanaweza kukataliwa. Mkulima mdogo amechuma tangu asubuhi, majani mawili na chipukizi lake, amesimama foleni kwenye banda la mizani, kilo zake zimeandikwa. Lori likilala njiani, kazi yake ya siku nzima inaharibika gizani. Mzee alikuwa karani wa mizani. Ndiye aliyepima, akaandika kwenye daftari, akapanda lori pamoja na mzigo. Kwa hiyo aliposema "majani hayapumziki" hakuwa anatunga methali. Alikuwa anatoa taarifa ya kazi.

Na bado ni methali! Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Methali halisi iliyotumika kwenye hotuba, ile ya refu na ncha, ilipita bila mtu kutikisika, kwa sababu tumeisikia kwenye kila kuagana, kuanzia darasa la saba hadi msibani. Lakini maneno mawili ya Mzee mwenyewe, yaliyonukuliwa na Meneja, yalirudiwa na watu wakati wa chakula. Nilimsikia kijana mmoja anayepakia magunia akimwambia mwenzake anayeinuka kuongeza wali: "Haya, majani hayapumziki." Kicheko. Hivyo ndivyo semi zinavyozaliwa, na sisi tulikuwa mashahidi. Fanani bora wa siku ile, kwa maoni yangu, alikuwa Mzee, na ubora wa Meneja ni kwamba alijua kumpisha kwa sentensi moja.

Kwa nini saa?

Sasa tuje kwenye zawadi. Wenzangu wawili niliowasimulia habari hii walikuwa na majibu tayari. Wa kwanza alisema saa ni dhihaka ya tabaka tawala: wamemnyang'anya mtu wakati wake kwa miaka 34, halafu wanamrudishia chombo cha kuupimia wakati uliokwisha. Wa pili alisema ni desturi tu ya Wazungu iliyoigwa, haina maana, wangempa mabati.

Msomaji wa pili ana hoja kuhusu asili. Kumpa mstaafu saa ni ada iliyokua pamoja na viwanda na reli za Ulaya na Marekani, ambako saa ya dhahabu ilikuwa alama ya utumishi wa muda mrefu. E.P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967, alionyesha jinsi saa ilivyoingia katika maisha ya wafanyakazi wa Uingereza pamoja na nidhamu ya kiwanda, na yeye mwenyewe aligusia kejeli ya mfanyakazi kuzawadiwa saa mwisho wa utumishi wake. Kwa hiyo hata msomaji wa kwanza hakuvumbua kitu kipya.

Lakini ada ikishavuka bahari inakutana na lugha nyingine. Kwa Kiswahili "saa" ni chombo, ni kipimo cha dakika sitini, na ni wakati wenyewe. Neno moja. Meneja aliposema "umeamka kwa saa ya kampuni, saa hii ni yako," alikuwa anacheza juu ya maana zote tatu kwa pamoja. Alikuwa anatoa chombo, na papo hapo anatangaza kwamba umiliki wa wakati umehama. Sentensi hiyo haitafsiriki kirahisi kwa Kiingereza, ambako chombo kina jina lake na wakati una jina lake. Kwa hiyo si kuiga. Ni kitu kilichopokelewa kikapewa maana mpya na lugha iliyokipokea.

Tena kuna suala la kuhesabu. Saa ya mkono ya Mzee inasoma 5 alfajiri. Yeye anasema saa kumi na moja. Kila msemaji wa Kiswahili anayevaa saa hufanya hesabu hiyo ya tofauti ya sita kichwani bila kuhisi, kwa sababu siku yetu inahesabiwa kuanzia kuchomoza kwa jua. Maana yake ni kwamba saa kamwe haijawahi kuitawala siku yetu moja kwa moja. Inabidi kwanza ipite kwenye tafsiri. Msomaji wa kwanza, anayeona kwenye mkono wa Mzee pingu ya kibepari tu, amesahau kwamba mfungwa huyu husoma pingu yake kwa hesabu zake mwenyewe.

Sitaki hata hivyo kumtetea Meneja kupita kiasi. Kuna sentensi inayoharibu: "kila ukiitazama utukumbuke." Mwelekeo umepinda. Aliyetoa miaka 34 ndiye anayeombwa kukumbuka; waliopokea miaka hiyo hawakuahidi kukumbuka chochote. Marcel Mauss, katika utafiti wake wa mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Tukimfuata, swali ni hili: saa ni mwanzo wa mzunguko au ni mwisho wake? Kama Mzee ndiye aliyetoa kwanza, basi saa ni marudisho, na mwenye kurudisha hana haki ya kudai kumbukumbu juu yake. Sentensi hiyo inaigeuza saa kuwa deni. Ingetosha kusema: "Ukiitazama, ujue tunakukumbuka." Tofauti ni ya viambishi tu, lakini viambishi ndivyo vinavyoamua nani ana deni la nani.

Kuna tukio dogo pia ambalo mhakiki mwenye njaa ya ishara angelirukia. Saa ilikuwa haitembei. Saa mpya za betri mara nyingi huja na kipande cha plastiki kilichozuia kitufe cha pembeni, ili betri isiishe dukani, na mishale huwa imewekwa kwenye saa nne na dakika kumi, kama kwenye matangazo ya saa. Hakuna aliyekitoa. Mjukuu wa Mzee, msichana wa darasa la tano hivi, ndiye aliyegundua, akakivuta, akabonyeza kitufe, akamuuliza baba yake saa ngapi. Sidai kwamba saa iliyosimama ni ishara ya chochote. Ninadai jambo la utendaji tu: tendo la kuiamsha saa lilikuwa zuri kuliko tendo la kuifungua kasha, na hotuba ililiacha lifanyike pembeni, bila maneno. Fanani aliyeishika fani yake angemwita yule mtoto mbele.

Kimya cha hotuba: "mambo mengine"

Sasa tufike kwenye sentensi ngumu kuliko zote: "Kuhusu mambo mengine, ofisi inayashughulikia."

Soma tena hotuba yote na uangalie nani ni mtendaji. Mzee anatembea, mvua inanyesha, lori linakwama, menejimenti inatoa. Hapa tu ndipo "ofisi" inapotenda, na kitu kinachotendewa hakina jina. Mambo gani mengine? Kila mtu ukumbini alijua: mafao. Mke wa Mzee alijua. Aliyekaa jirani yangu alijua, maana alinong'ona, "Haya, ndiyo hayo."

Hili si jambo la Bulyaga peke yake. Katika nchi yetu mstaafu wa lazima huondoka akiwa na umri wa miaka 60, na wa hiari akiwa na miaka 55, na siku anayoondoka ndiyo siku anayoanza kufuatilia makaratasi. Tumeona tangu mwaka 2018 jinsi neno "kikokotoo" lilivyotoka kwenye kanuni za mifuko ya jamii likaingia kwenye vijiwe vya kahawa. Manung'uniko yalikuwa makubwa hata Rais Magufuli akasitisha kanuni zile Desemba 2018, na kanuni nyingine zikaanza kutumika Julai 2022. Kubwa lililobishaniwa lilikuwa moja: mstaafu apewe sehemu gani kwa mkupuo, na sehemu gani kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hiyo hadhira ya leo inaposikia hotuba ya kuaga, inasikiliza kwa masikio mawili. Moja linasikiliza sifa, jingine linasubiri tarehe.

Je, Meneja alipaswa kutaja tarehe na kiasi? Kiasi, hapana, fedha za mtu hazitangazwi mbele ya majirani, na angemwaibisha Mzee. Lakini kulikuwa na njia ya kusema bila kuaibisha. Angeweza kusema: "Makaratasi yako yamekamilika, na karani fulani atakufuatilia." Hapo kungekuwa na mtu badala ya ofisi, na mstaafu angejua amgongee nani mlango. Sentensi kama ilivyo inafanya kazi ya pazia. Na pazia limewekwa katikati kabisa ya mambo mazuri mawili, kati ya "saa hii ni yako" na "mlango uko wazi". Msikilizaji hawezi kuacha kujiuliza kama mlango ulio wazi ni ule ule ambao Mzee atasimama nje yake akisubiri.

Hapa ndipo msimamo wangu unapotofautiana na wa rafiki yangu wa kwanza. Yeye anasema hotuba nzima ni ya uongo kwa sababu ya tabaka la msemaji. Mimi nasema hotuba ina sentensi moja ya woga iliyozungukwa na sentensi za kweli. Mhakiki asiyetofautisha hizo mbili atakuwa ameandika uhakiki wake kabla hajasikiliza.

Ubusoka na swali la Mzee

Hotuba ilipokwisha, Mzee alipewa nafasi. Alisimama, akaitazama saa, akasema maneno haya tu: "Ndaga fijo. Saa nimeipokea. Nauliza kitu kimoja: Jumatatu nani anapanda lori?"

Watu walicheka sana. Meneja naye alicheka, akasema, "Tutapanga, Mzee, tutapanga." Muziki ukawashwa.

Mimi sikucheka, na nitaeleza kwa nini. Wanyakyusa walikuwa na sherehe yao ya kustaafu kabla ya kampuni yoyote kufika Rungwe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika. Iliitwa ubusoka, yaani kutoka. Vijana waliokua pamoja katika vijiji vyao wenyewe, wakishaoa na kuwa watu wazima, "walitolewa" kwa sherehe. Kizazi cha baba zao kikawakabidhi uongozi na kuwapisha kwenye ardhi. Sitaki kuipamba. Ilikuwa sherehe ya utawala, yenye siasa zake na hofu zake. Lakini angalia jina lake linamtazama nani. Anayetoka ni kijana, anatoka kwenda kwenye madaraka. Mzee anakuwepo kama mwenye kukabidhi. Sherehe haina maana bila wa kukabidhiwa.

Linganisha na ukumbi wa Bulyaga. Hapa anayetoka ni mzee, na anatoka peke yake. Anakabidhiwa kitu, hakabidhi kitu. Katika hotuba yote hakuna mrithi, hakuna jina la kijana hata mmoja, hakuna daftari la mizani linalobadilisha mikono. Ndiyo maana ninasema swali la Mzee lilikuwa uhakiki, tena mkali kuliko huu wangu. Alikuwa ameketi akisikiliza muundo wa sherehe nzima, akaona mahali palipo na tundu, akaweka kidole. Hadhira ilidhani ni utani wa mzee asiyeweza kuachana na kazi. Mimi naona alikuwa anadai nusu ya pili ya sherehe.

Msomaji anaweza kusema ninalazimisha mila ya zamani juu ya ofisi ya leo. Basi niseme kilichotokea. Nilikwenda kumsalimia Mzee wiki mbili baadaye, ili nimsomee nukuu zangu. Aliniambia kwamba Jumapili ile ile jioni, kijana aliyepangwa kushika nafasi yake alikuja nyumbani. Walikaa jikoni. Alitaka kujua banda lipi mizani yake hulala upande mmoja ikilowa, na wakulima gani hufunga majani yakiwa na umande ili yaongezeke uzito, na namna ya kumwambia mtu mzima jambo hilo bila kumvunjia heshima. Walizungumza mpaka taa ikaisha mafuta. Kwa hiyo makabidhiano yalifanyika, sawa na yanavyofanyika siku zote; ila yalifanyika jikoni, bila hotuba, bila mashahidi, kwa sababu kijana mwenyewe alikuwa na adabu. Asingekuwa nayo, miaka 34 ya ujuzi ingebaki kwenye kiti cha Mzee.

Hitimisho

Tukiipima hotuba hii kwa jumla, kifani ni nzuri kuliko nyingi tunazozisikia. Ni fupi, ina kisa kimoja cha kweli, haina msururu wa vivumishi, na ina sentensi moja, ile ya saa, ambayo mshairi angejivunia. Kimaudhui ina mapungufu matatu ambayo nimeyaonyesha: inamdai kumbukumbu mtu anayepaswa kukumbukwa, inaficha mafao nyuma ya neno "mengine", na inamtoa mzee bila kumtoa kijana.

Mapungufu hayo yanarekebishika ndani ya dakika zile zile tatu. Ningekuwa mwandishi wa hotuba ya Meneja, nisingeongeza sifa hata moja. Ningeongeza tendo moja. Kabla ya saa, ningemwita yule kijana mbele, na Mzee angemkabidhi daftari la mizani mbele yetu sote. Mkono ukishakuwa mtupu, ndipo ufungwe saa. Hapo maneno "saa hii ni yako" yangekuwa na msingi, kwa sababu kila mtu angekuwa ameona kazi imekwenda wapi.

Saa yenyewe, kwa taarifa ya wanaopenda ishara, inatembea. Mzee huivaa Jumapili. Siku nyingine, alisema, haihitaji. Bado anaamka saa kumi na moja. Wenzangu wa fasihi simulizi, msiridhike na vitabu vya maktaba. Msimu wa kuagana ukifika huko kwenu, kaeni mstari wa mbele, mrekodi, mtuletee. Na atakayeona nimemwonea Meneja, kurasa hizi ziko wazi.